Balbu ya Taa ya Mbele Ikiungua: Halojeni Mpya au LED?

Taa moja ya mbele inapozimika usiku, dereva hufika katika duka la spea akiwa na swali jepesi, lakini huondoka akiwa amewekewa mezani mambo mawili yaliyo tofauti sana. La kwanza ni balbu ya halojeni ya aina ileile iliyoungua, ambayo wengi huiita globu. La pili ni kisanduku chenye balbu mbili za LED, zenye feni ndogo nyuma, kilichoandikwa kwamba zitatoa mwanga mara nyingi zaidi na kwamba zinaingia palepale ilipotoka ya zamani bila kubadilisha kitu kingine.

Ni kweli kwamba zinaingia. Swali ni mwanga wake unakwenda wapi baada ya kuwaka. Barabara kuu nyingi nchini zina njia moja kila upande, bila ukuta wala bustani ya kutenganisha magari yanayokabiliana, na pembeni mwake hupita watembea kwa miguu, baiskeli na pikipiki. Dereva aliyemulikwa machoni katika barabara ya namna hiyo hapotezi raha tu, bali hupoteza kwa sekunde kadhaa uwezo wa kumwona mtu aliye mbele yake.

Makala haya yanaichukua balbu ya H4 kama mfano, kwa kuwa ndiyo iliyo katika magari mengi madogo na mabasi madogo ya Kijapani yaliyoingizwa yakiwa yametumika. Ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi mmoja wa mwanga wa chini, yaani dimu, na mwingine wa mwanga wa juu, yaani fulu. Kwa umeme wa volti 12, uzi wa fulu hutumia wati 60 na wa dimu wati 55, na ndiyo maana huandikwa 60/55W kwenye kitako chake. Malori yanayotumia volti 24 yana H4 yake ya 75/70W, na hizo mbili hazibadilishani.

Kuhakikisha kilichoharibika

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kujua kama balbu ndiyo iliyokufa. Dimu ikizimika upande mmoja huku fulu ya upande huohuo ikiendelea kuwaka, karibu kila mara ni uzi wa dimu uliokatika, na hilo ni jambo la kawaida kwa sababu uzi huo ndio unaofanya kazi muda mrefu zaidi. Taa za pande zote mbili zikizimika kwa wakati mmoja, balbu zisishukiwe kwanza. Mara nyingi tatizo liko kwenye fyuzi, rilei au swichi.

Njia rahisi ya kupata uhakika ni kuhamisha balbu ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto. Ubovu ukihama pamoja na balbu, balbu imekufa. Ubovu ukibaki upande uleule, kinachotakiwa kutazamwa ni soketi, waya au mahali pa ethi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Plastiki ya soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia au kuyeyuka kidogo ni dalili kwamba vishikizo vya ndani vimelegea na vinapata joto. Balbu mpya ikiwekwa katika soketi hiyo itaungua mapema, na lawama itawekwa kwa balbu. Ethi ikiwa mbovu, dalili yake huwa ya ajabu kidogo: nyuzi zote mbili huwaka kwa pamoja kwa wekundu hafifu, kwa kuwa umeme unaokosa njia yake ya kurudi hutafuta njia kupitia uzi wa pili.

Namna ya kubadilisha

Kazi yenyewe ni ya dakika chache katika magari mengi, ingawa katika baadhi yake betri au chombo cha chujio la hewa hulazimika kusogezwa ili mkono ufike. Taa huzimwa na kuachwa ipoe, kwa sababu kioo cha balbu ya halojeni kinaweza kuunguza ngozi dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Boneti ikishafunguliwa, plagi yenye waya tatu huvutwa nyuma moja kwa moja bila kuipindapinda, kisha kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi na maji huondolewa. Chini yake kuna springi ya waya inayoishikilia balbu. Ikibonyezwa na kusogezwa pembeni, balbu hutoka.

Ukosi wa chuma wa balbu ya H4 una masikio matatu yasiyopangwa kwa umbali sawa, kwa hiyo balbu mpya hukaa kwa namna moja tu. Ikikataa kukaa, haitakiwi kulazimishwa. Inatakiwa kuzungushwa mpaka masikio yaingie katika nafasi zake. Kioo hakiguswi kwa vidole. Mafuta ya ngozi yakibaki juu yake huungua pale balbu inapopata joto, na sehemu hiyo hudhoofika hadi kioo kuvimba au kupasuka. Aliyekigusa kwa bahati mbaya akifute kwa kitambaa safi chenye spiriti kabla ya kuwasha.

Kosa linalofanywa mara nyingi liko mwishoni. Kifuniko cha mpira hurudishwa kikiwa hakijakaa sawasawa kuzunguka kitako cha balbu, au kikiwa kimegeuzwa juu chini wakati kimeandikwa upande unaopaswa kuwa juu. Baada ya mvua ya kwanza, ukungu huonekana ndani ya taa, na baada ya miezi utando unaong'aa ndani ya taa huanza kubanduka. Utando huo ukiharibika, hakuna balbu itakayoirudisha taa hiyo katika hali yake.

Inafaa kubadilisha balbu za pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa zilianza kazi siku moja na ya pili haiko mbali na mwisho wake. Haifai kuchukua balbu yenye wati kubwa zaidi, kama zile za 100/90W zinazopatikana madukani. Waya, swichi na soketi za gari zilikadiriwa kwa wati 60 na 55, na joto la ziada huyeyusha soketi na kuharibu sehemu ya ndani ya taa. Balbu zenye kioo cha rangi ya buluu nazo hazina faida ya kuona: rangi hiyo ni chujio, na chujio hupunguza mwanga.

Kazi ya kikombe kidogo

Anayeitazama balbu ya H4 kwa karibu ataona kwamba chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma, chenye umbo la nusu ya kifuu kirefu. Watu wengi hudhani ni kishikizo cha uzi. Kumbe ndicho kinachotofautisha taa inayomulika barabara na taa inayomulika uso wa mtu.

Nyuma ya balbu kuna sahani kubwa inayong'aa, ambayo kazi yake ni kuupokea mwanga wa uzi na kuurusha mbele. Uzi wa dimu umewekwa mbele kidogo ya kitovu cha sahani hiyo. Kwa sababu hiyo, mwanga unaogonga nusu ya juu ya sahani hurudi ukielekea chini, barabarani, na ule ambao ungegonga nusu ya chini ungerudi ukielekea juu, machoni mwa watu. Kikombe huuzuia huo wa pili usifike kwenye sahani kabisa. Matokeo yake ni mwanga wenye mpaka ulionyooka: chini ya mpaka kuna mwanga, juu yake kuna giza, isipokuwa upande wa kushoto ambako mpaka hupanda kidogo ili kuonyesha ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Japani huendesha kushoto kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo mpaka wa taa za magari yake hupanda upande unaofaa hapa.

Mpangilio huu unategemea vipimo vidogo sana. Uzi wa dimu una urefu wa takriban milimita 5 na nusu na unene wa zaidi kidogo ya milimita moja, na Kanuni Namba 37 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu balbu za magari, inaeleza mahali pake kutoka kwenye ukosi kwa sehemu za milimita. Sababu yake inaweza kuonekana kwa hesabu. Katika sahani ambayo kitovu chake kiko milimita 25 mbele ya mgongo wake, chanzo cha mwanga kikihama milimita moja tu juu au chini, mwanga unaotoka huhama takriban sentimita 4 kwa kila mita moja ya safari yake. Umbali wa mita 50 mbele, hizo ni mita 2.

Sasa ilinganishwe na nafasi iliyopo kati ya barabara na macho ya dereva anayekuja. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikiwa imeelekezwa chini kwa sentimita moja kwa kila mita, mpaka wake hugusa barabara mita 65 mbele. Macho ya dereva wa gari dogo yako kwenye kimo cha karibu mita 1.1. Akiwa mita 50 mbele ya taa hiyo, mpaka wa mwanga unapita sentimita 15 kutoka ardhini mahali alipo, na macho yake yako chini ya mita moja juu ya mpaka huo. Kosa la milimita moja ndani ya taa linatosha kuimaliza nafasi hiyo na kubaki na ziada.

Kinachobadilika LED inapoingia

Balbu ya LED ya kuchomeka haina uzi. Ina ubao mwembamba wa chuma, na vipande vidogo vya kutoa mwanga vimebandikwa pande zake mbili, kushoto na kulia. Uzi wa halojeni hutoa mwanga kuuzunguka pande zote, ilhali LED hutoa mwingi kuelekea pembeni na kidogo kuelekea juu na chini. Sahani iliyochongwa ili ipokee mwanga kutoka kwenye uzi mmoja mwembamba sasa hupokea kutoka kwenye nyuso mbili bapa, zilizotenganishwa na unene wa ubao, yaani milimita mbili au zaidi.

Watengenezaji hujaribu kuiga kikombe kwa kuweka kibati chini ya vipande vya dimu. Zipo balbu zinazofanya hivyo vizuri kuliko nyingine, na si haki kuziweka zote katika kapu moja. Hata hivyo, umbo la chanzo cha mwanga linabaki kuwa jingine. Barabarani hilo huonekana kama doa kali la mwanga mita chache mbele ya gari, mabaka ya giza baada yake, na mwanga uliotawanyika juu ya mpaka.

Hapo ndipo dereva anapodanganyika kwa nia njema. Akiwasha taa mpya, ardhi iliyo karibu na boneti inang'aa kuliko alivyowahi kuiona, na anaamini kwamba sasa anaona vizuri. Lakini jicho hujirekebisha kulingana na mwanga mkali ulio karibu. Mboni hujibana, na vitu vilivyo mbali, ambavyo ndivyo anavyohitaji kuviona mapema, hufifia. Anaona shimo lililo mita 10 mbele kwa uwazi mkubwa wakati hana tena muda wa kulikwepa.

Kwa anayekuja mbele yake, athari ni kubwa zaidi. Mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika ndani yake na kufunika picha nzima kama pazia jeupe, na jicho huchukua sekunde kadhaa kurudi katika hali yake baada ya gari kupita. Kwa wazee na wenye mtoto wa jicho muda huo huwa mrefu zaidi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu ni mita 67 ambazo dereva amezipita bila kujua kilichokuwamo. Mwanga wa LED wenye weupe unaoelekea ubuluu huyasumbua macho zaidi ya ule wa manjano wa halojeni hata ukiwa na nguvu ileile.

Kuhusu nguvu yenyewe, maandishi ya kisanduku hayapaswi kuaminiwa bila hesabu. Balbu ya H4 ya halojeni, kwa mujibu wa Kanuni Namba 37, hutoa lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu ikipimwa kwa volti 13.2. LED iliyo ndani ya balbu ya kuchomeka hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati ikiwa inafanya kazi katika joto la kawaida la taa. Balbu inayotumia wati 20 kwa hiyo inatoa kiasi cha lumeni 2,000. Kisanduku kinachotaja lumeni 20,000 kwa balbu mbili za namna hiyo kinataja kitu kisichowezekana. Aidha, LED hupoteza nguvu inapopata joto, na nyingi hujipunguza zenyewe baada ya dakika kadhaa. Mwanga unaoonekana dukani kwa sekunde 10 si ule utakaokuwapo baada ya nusu saa njiani.

Yako pia matatizo madogo ambayo fundi hukutana nayo kila wiki. Feni au mapezi ya kupozea nyuma ya balbu huzuia kifuniko cha mpira kisirudi, nacho huachwa au hukatwa tundu, na vumbi likaingia. Feni hiyo ikikwama kwa vumbi, balbu hufa kwa joto. Katika baadhi ya magari taa ya tahadhari kwenye dashibodi huwaka, kwa kuwa gari linaona umeme unaotumika ni mdogo na kudhani balbu imeungua. Katika mengine redio huanza kukoroma kila taa zinapowashwa.

Taa zenye lenzi ya duara mbele, zinazoitwa projekta, ni suala tofauti kidogo. Ndani yake mpaka wa mwanga hutengenezwa na kibati cha taa yenyewe na si cha balbu, kwa hiyo LED ikiwekwa humo mpaka hubaki mkali. Hilo huwapa wengi moyo. Lakini mgawanyo wa mwanga chini ya mpaka bado hubadilika, na mara nyingi doa kali hushuka na kukaa karibu na gari. Na magari yaliyotoka kiwandani yakiwa na taa za LED hayahusiki na mjadala huu hata kidogo. Humo sahani, lenzi na chanzo cha mwanga vilibuniwa kwa pamoja.

Nchi zilizozoea kukagua taa zimelichukulia suala hili kwa uzito. Uingereza, mwongozo wa ukaguzi wa kila mwaka wa magari tangu mwaka 2021 unaelekeza kwamba gari lenye taa za halojeni zilizogeuzwa kuwa za LED lisipasishwe. Ujerumani, tangu mwaka 2020, imeruhusu balbu chache za LED zilizopimwa, lakini kwa aina mahususi za magari ambazo balbu hiyo ilijaribiwa nazo, na si kwa gari lolote ambalo balbu itaingia. Utaratibu huo wa Wajerumani unaeleza jambo lenyewe vizuri: kinachoidhinishwa ni balbu ikiwa ndani ya taa fulani.

Kipimo cha ukutani

Dereva hahitaji mashine ili kujua balbu aliyouziwa inafanya nini. Anahitaji ukuta, sehemu tambarare ya mita 10 na chaki. Chukulia gari dogo la saluni lililo katika gereji mjini Morogoro, ambalo dimu ya kulia imeungua na mwenyewe ameshanunua LED mbili kwa ajili ya safari ya Iringa. Njia hiyo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambako mnyama anaweza kuwa barabarani usiku.

Gari linawekwa mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Kimo cha katikati ya taa kinapimwa. Ni sentimita 65. Mstari wa kwanza wa chaki unachorwa ukutani kwa kimo hichohicho, na wa pili sentimita 10 chini yake, kwenye 55. Magari mengi ya aina hii hutakiwa mpaka wa dimu uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kimo cha taa kwa umbali huo, ingawa kipimo cha gari husika, kikiwa kimeandikwa kwenye taa au kwenye kitabu chake, ndicho cha kufuata.

Taa ya kushoto, ambayo bado ina halojeni, inawashwa peke yake huku ya kulia ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Mpaka unaonekana kwenye mstari wa 55, ukipanda kidogo kuelekea kushoto. Kisha LED inawekwa upande wa kulia, ikihakikishwa kwamba vipande vyake vya mwanga vinatazama kushoto na kulia kabisa kama mikono ya saa inayoonyesha saa tatu na saa tisa za uso wa saa, na halojeni inafunikwa. Ukutani mpaka haupo tena. Kuna doa kali kwenye kimo cha sentimita 40, na juu yake mwanga unafifia polepole hadi kufika sentimita 90, bila mahali pa kusema kwamba hapa unaishia.

Mara nyingi katika hatua hii fundi hupendekeza kuishusha taa kwa skrubu yake ya marekebisho. Pendekezo hilo linahitaji kuhesabiwa. Ili mwanga uliotawanyika ushuke chini ya mstari wa 65, taa ingelazimika kushushwa sentimita 25 nyingine kwenye ukuta huo. Hata ikishushwa sentimita 20 tu kutoka pale mpaka ulipokuwa, yaani kutoka sentimita moja kwa mita hadi tatu, sehemu yake yenye nguvu ingegusa barabara mita 22 mbele badala ya mita 65. Kwa kilomita 80 kwa saa, hiyo ni sekunde moja. Gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji takriban mita 57 kusimama kutoka mwendo huo, zikihesabiwa mita 22 zinazopita kabla mguu haujagusa breki. Na mwanga uliotawanyika bado ungewafikia wengine, kwa kuwa haukuwa na mpaka tangu mwanzo.

Balbu ya LED ambayo ukutani inaonyesha mpaka uleule wa halojeni, kwenye kimo kilekile, haimuumizi anayekuja. Zipo, ila si nyingi, na balbu inayofanya hivyo katika taa ya gari moja inaweza kushindwa katika taa ya jirani yake.

Halojeni ikiwa hafifu

Wengi hawaingii kwenye LED kwa sababu balbu imeungua, bali kwa sababu taa za gari lao zimekuwa hafifu kwa muda mrefu. Malalamiko hayo ni ya kweli, na mara nyingi chanzo chake si halojeni. Mwanga wa balbu hiyo hupungua kwa kasi kubwa kuliko umeme unaopungua. Ikipata volti 11.9 badala ya 13.2, hupoteza takriban asilimia 30 ya mwanga wake, ingawa kwa macho ya kawaida inaonekana inawaka tu.

Kupima ni rahisi kwa fundi mwenye mita ya umeme. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, volti hupimwa kwenye betri, kisha kwenye plagi ya balbu ikiwa imeunganishwa. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna umeme unaopotea njiani. Ethi iliyoota kutu husafishwa kwa msasa na kukazwa upya, soketi iliyolegea hubadilishwa, na katika magari ya zamani ambayo umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya usukani, rilei huongezwa ili waya mnene ulete umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Sababu ya pili huonekana mchana. Kava la mbele la taa ni la plastiki, na jua huligeuza kuwa la manjano na lenye ukungu baada ya miaka. Kava la namna hiyo hunyonya mwanga na kuutawanya, kwa hiyo dereva haoni na wengine wanamulikwa, hata kwa halojeni halali. Husuguliwa kwa msasa wa maji kuanzia mkwaruzo mkubwa kwenda mdogo, kisha hupigwa polishi na kupakwa vanishi inayozuia jua. Bila vanishi hiyo, manjano hurudi ndani ya muda mfupi.

Gari la mfano wetu lilikuwa na yote mawili: volti 12.1 kwenye plagi wakati betri ilikuwa na 13.8, na kava zilizofifia. Baada ya ethi kusafishwa, kava kusuguliwa na halojeni mbili mpya za 60/55W kuwekwa, mpaka ulirudi kwenye mstari wa 55 pande zote mbili, na mwanga wa dimu ukafika mbali kuliko ule wa LED iliyotolewa. Halojeni ya kushoto, ambayo ilikuwa bado nzima, ilifungwa kwenye kitambaa safi na kuwekwa kwenye droo ya dashibodi pamoja na fyuzi mbili za akiba.